Kopo la bei nafuu, protini ya kwenye karatasi: sheria ya kaunta yetu na namna ya kusoma lebo

"Kaka, habari ya kazi. Nimenunua kopo la protini la kilo mbili, ladha ya vanila, kwa shilingi 160,000, wakati kaunta kwenu la kilo mbili ni 260,000. Lebo inasema kijiko kimoja ni gramu 40 na kina protini gramu 27, nyingi kuliko la kwenu lenye 24. Nilitaka kuwapimia wenzangu wawili hapo jimu tugawane gharama, mwalimu akanikatalia, akasema ni sheria. Mnalinda afya zetu au biashara yenu? Na mtu wa kawaida atajuaje kopo ni zuri? Picha ya lebo nimekutumia. Halafu mama ananiambia hizi poda zinaua figo."

Ndugu yangu, nakujibu kwa urefu na jibu hili nalibandika ubaoni, maana wanachama wengi wana makopo yanayofanana na lako.

Nianze na pesa. Ndiyo, tunapata faida kwa kila kopo linalotoka kaunta, kwa hiyo una haki ya kuyapima maneno yangu kabla ya kuyakubali. Kopo ulilonunua nje unaruhusiwa kuja nalo na kulinywa humu, hakuna atakayekuzuia. Kinachokatazwa ni kufungua kopo na kuwapimia wengine, na katazo hilo linatubana hata sisi: hatupimi kijiko kimoja kimoja, hatufungi kwenye mfuko, hatuuzi nusu kopo. Walimu hawalipwi chochote kwa kukushauri ununue, na mwalimu akikusukuma ununue kopo fulani, njoo uniambie.

Sababu ya kukataa kupima ni hii. Poda ikishatoka kwenye kopo lake imepoteza kila kitu kinachoitambulisha: orodha ya viungo, tarehe ya mwisho, na namba ya bechi, yaani namba ya mkupuo mmoja wa uzalishaji. Mwenzako mmoja akitokwa na vipele usiku, au tumbo likamkata, daktari atamuuliza amekula nini. Atajibu "poda nyeupe ya vanila", na hapo daktari hana pa kuanzia. Kuna pia mtu mwenye aleji ya maziwa au soya asiyejua kwamba poda uliyompimia ina vyote viwili. Na kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam, poda iliyofungwa kwenye mfuko mwepesi hunyonya maji, hushikana mabonge, na baada ya muda huota ukungu. Ndiyo maana kaunta tunatunza daftari: kila kopo linalouzwa linaandikwa bechi yake na jina la aliyenunua. Bechi ikigundulika kuwa na kasoro, tunajua nani wa kumpigia simu.

Sasa tuje kwenye kopo lako, maana picha uliyotuma inafundisha vizuri kuliko maelezo ya jumla.

Watu wengi wanasoma namba moja tu, ile ya protini kwa kijiko, na kulinganisha. Namba hiyo peke yake haina maana, kwa sababu kila kampuni inachagua ukubwa wa kijiko chake. Chukua protini, gawanya kwa uzito wa kijiko. La kwako ni 27 kwa 40, yaani asilimia 67 na nusu. La kaunta ni 24 kwa 30, yaani asilimia 80. Protini ya whey, inayotokana na maziwa, ya daraja la konsentreti kwa kawaida huwa na asilimia 70 hadi 80, na ile iliyochujwa zaidi, aiseleti, hufika karibu 90. Poda yenye ladha hushuka kidogo kwa sababu ya vionjo na utamu. Kwa hiyo hata kabla ya kuangalia kingine, kopo lako limeshaonyesha kwamba karibu theluthi ya kijiko si protini. Hilo peke yake si kosa, alimradi unajua unacholipia.

Shida iko chini zaidi, kwenye orodha ya viungo. Viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kizito zaidi kinatangulia. Kwenye picha yako nasoma hivi: mchanganyiko wa protini, na ndani ya mabano whey konsentreti, glisini, taurini na kreatini, kisha maltodekstrini, vionjo vya vanila, na sukralozi. Maltodekstrini ni wanga uliovunjwavunjwa, wa kujazia. Glisini, taurini na kreatini si sumu. Kreatini tunaiuza hata sisi. Lakini kwa nini vitu hivyo vimewekwa ndani ya mabano ya protini, na si kutajwa pembeni na uzito wake?

Hapa inabidi uelewe maabara inavyopima protini. Kipimo cha kawaida hakihesabu protini yenyewe. Kinapima nitrojeni iliyomo kwenye poda, kisha kinazidisha kwa namba maalumu, kwa kawaida 6.25, kwa sababu protini kwa wastani ina nitrojeni asilimia 16. Kipimo hiki hakiwezi kutofautisha nitrojeni ya protini na ya kitu kingine. Gramu moja ya glisini itasomeka kama gramu 1.17 za protini. Gramu moja ya kreatini monohaidreti itasomeka kama gramu 1.76. Vitu hivi ni rahisi kuliko whey, kwa hiyo mwenye kiwanda asiye mwaminifu anaongeza kidogo, namba ya lebo inapanda, na kipimo kinamuunga mkono. Hila ni ileile iliyotumika China kwenye kashfa ya maziwa ya watoto ya mwaka 2008, ambapo maziwa yaliyoongezwa maji yalitiwa kemikali ya melamini ili nitrojeni isomeke juu. Tofauti ni kwamba melamini iliwaumiza watoto figo. Glisini haitakuumiza, inakuibia tu.

Misuli haijengwi na glisini pekee. Inahitaji asidi amino zote muhimu, yaani vijenzi vya protini, na ile inayoongoza kazi ya kuwasha ujenzi ni leusini. Ndiyo maana leusini ni kipimo kizuri cha ukweli. Protini halisi ya whey ina leusini takriban asilimia 10 hadi 11, kwa hiyo gramu 27 zinapaswa kubeba kama gramu 2.7 au zaidi kidogo. Jedwali la asidi amino nyuma ya kopo lako linaandika leusini gramu 1.5. Ukirudi kinyumenyume, gramu 1.5 za leusini zinatoka kwenye gramu 14 na nusu hivi za protini ya whey. Zilizobaki, zaidi ya 12, zinaonekana kuwa nitrojeni ya viongezo. Nakuambia "zinaonekana" kwa sababu lebo si maabara, lakini lebo yenyewe ndiyo inayojishtaki: orodha ya viungo inaeleza pengo ambalo leusini inalionyesha.

Basi tupige hesabu ya bei. Kilo mbili kwa vijiko vya gramu 40 ni vijiko 50. Kwa namba ya lebo, ungepata gramu 1,350 za protini, kila gramu kama shilingi 119. Kwa hesabu ya leusini, unapata gramu 725 hivi, na kila gramu inakugharimu kama shilingi 220. Kopo la kaunta lina vijiko 66, kama gramu 1,600 za protini, gramu moja kwa kama shilingi 162. Kopo la bei nafuu ndilo ghali. Fanya hesabu hiyohiyo kwa kopo letu pia, hata kama hujaulizwa. Jedwali la leusini lisipokuwepo kabisa, usihukumu kwa haraka, maana kampuni nyingi za kweli haziliandiki. Iandikie kampuni uliulize. Kampuni ambayo haina la kuficha hujibu.

Kwenye kopo ukiona maneno yanayosema mchanganyiko wa siri wa kampuni, uzito mmoja wa jumla kisha majina kumi bila uzito wa kila moja, lirudishe rafuni. Kwa protini hiyo ni hasara ya pesa. Kwa zile poda za kuchangamsha kabla ya mazoezi ni hatari kabisa, na ndiyo maana kaunta haziuzwi. Kinachochangamsha humo kwa kawaida ni kafeini, na kijiko kimoja kinaweza kubeba miligramu 150 hadi 350. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inataja miligramu 200 kwa mara moja na 400 kwa siku kuwa kiasi ambacho mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia bila wasiwasi, na mjamzito asizidi 200 kwa siku. Mtu akinywa kijiko chenye 350, kisha chai nzito na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, moyo unakimbia kabla hajagusa chuma. Na kuna jina moja ambalo ukiliona unatupa kopo zima: DMAA, ambalo hujificha pia kama methylhexanamine, 1,3-dimethylamylamine, au kama kiini cha ua la geranium. Mamlaka ya dawa ya Marekani inalihesabu kuwa haramu kwenye virutubisho, kwa sababu linabana mishipa na kupandisha shinikizo la damu. Ule mchonyoto wa usoni na mikononi wanaousifia watu unatokana na kiungo kingine cha poda hizo, beta-alanini. Hauna madhara makubwa, lakini pia si ushahidi kwamba poda "imekubali".

Umeuliza mtu wa kawaida atajuaje. Kabla ya kusoma lebo, tazama kopo. Chini ya mfuniko pawe na karatasi ya foili iliyogandishwa kuzunguka mdomo wote. Ikiwa imeinuka upande, au imebandikwa kwa gundi inayoonekana, usilipe. Namba ya bechi na tarehe ya mwisho huchapwa kwa wino wa nukta baada ya kopo kujazwa, mara nyingi chini ya kopo au shingoni. Zikiwa zimechapwa pamoja na picha za lebo, uliza. Na mwombe muuzaji akuonyeshe makopo mawili au matatu ya ladha tofauti: yakiwa na bechi ileile na tarehe ileile, ladha zote, hiyo ni dalili kubwa ya kughushi, kwa sababu viwanda havichanganyi vanila na chokoleti kwa bechi moja. Jihadhari pia na tarehe. Kopo la Marekani huanza na mwezi, kwa hiyo 08/05/2027 ni tarehe 5 Agosti, si tarehe 8 Mei. Miezi mitatu si kidogo kwa kopo lililobaki stoo.

Nyumbani unaweza kufanya majaribio mawili, mradi ujue mipaka yake. La kwanza, weka kijiko cha chai cha poda kwenye glasi na umimine maji yanayochemka. Protini ya whey huanza kuganda kwenye joto la juu ya nyuzi 70 hivi, kama ute wa yai, kwa hiyo utaona vipande vyeupe vikitengana. Maltodekstrini tupu itayeyuka na kuacha maji karibu angavu, yasiyo na vipande. Maziwa ya unga hayatoi vipande vya namna hiyo, kwa sababu protini yake nyingi ni kaseini, inayovumilia moto. La pili ni la kutafuta unga wa mahindi au muhogo: koroga poda na maji ya moto, subiri yapoe kabisa, kisha dondosha matone machache ya ile dawa ya vidonda ya kahawia yenye iodini. Ikigeuka buluu iliyokolea au nyeusi, kuna wanga. Ikibaki njano au kahawia, hakuna unga wa kawaida. Umwage mchanganyiko huo, usiunywe. Jaribio hili halifai kwa ladha ya chokoleti, kwa kuwa kakao yenyewe ina wanga kidogo, na halioni sukari wala glisini. Majaribio yote mawili hayawezi kukuambia kama kuna dawa iliyofichwa. Hilo linahitaji maabara.

Ndiyo sababu kwenye rafu letu tunaweka tu makopo yenye alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport. Hizi ni taasisi zinazopima bidhaa kutafuta vitu vilivyokatazwa michezoni. Informed Sport hupima kila bechi kabla haijauzwa. Lakini alama ni wino, na wino unaweza kuigwa. Fungua sport.wetestyoutrust.com au nsfsport.com kwenye simu, tafuta bidhaa, kisha linganisha na kopo lako. Kwa Informed Sport, bechi iliyoandikwa chini ya kopo inapaswa kuonekana kwenye orodha. Isipoonekana, kwa kaunta yetu kopo hilo halijapimwa, hata likiwa na alama kubwa kiasi gani. Kwa wale wanaoshindana, hili ndilo la kwanza: kanuni za kupambana na dawa michezoni zinamwajibisha mwanamichezo kwa kilichokutwa mwilini mwake, na kusema "sikujua kama kilikuwa kwenye poda" hakufuti matokeo ya kipimo.

Kwa hapa Tanzania, chakula na virutubisho vya aina hii viko chini ya TBS tangu mwaka 2019, na dawa ziko TMDA. Mgawanyo huo unakusaidia dukani. Kopo linalosema lina protini kiasi fulani ni chakula. Kopo linalosema linatibu kisukari, linarudisha nguvu za kiume, au linanenepesha kwa siku saba, limejitangaza kuwa dawa, na dawa isiyo na usajili hatuiruhusu kupita mlangoni, iwe ya kuuza au ya kugawana. Hapo hatuna mjadala. Vidonge na dawa za maji za kunenepa zinazozunguka mitaani zimewahi kukutwa na siproheptadini au deksamethasoni. Ya kwanza hulewesha usingizi na kuongeza hamu ya kula. Ya pili ni steroidi: uso hujaa kwa maji na mafuta, mtu anadhani amepata mwili, huku tezi zake za juu ya figo zimepunguza kutengeneza homoni yake ya asili.

Kuhusu figo, mwambie mama yako kwamba hofu yake ina msingi kwa watu fulani. Mwenye ugonjwa wa figo tayari hupunguziwa protini na daktari, na poda inaweza kumzidishia mzigo. Kwa mtu mwenye figo nzima, protini ya whey ni chakula kilichotoka kwenye maziwa. Linalochanganya watu ni kreatini: dozi ya kawaida ya gramu 3 hadi 5 kwa siku inaweza kupandisha kreatinini, taka ambayo madaktari huitumia kupima figo, kwenye kipimo cha damu bila figo kuharibika, kwa sababu mwili huigeuza kreatini kuwa kreatinini. Kabla ya kupima, mwambie daktari unaitumia, ili asisome namba hiyo vibaya. Na kama hujawahi kupima figo wala shinikizo la damu, na kwenu kuna historia ya sukari au presha, pima kwanza, ununue baadaye.

Je, unaihitaji poda kabisa? Kwa anayebeba vyuma, takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku zinatosha. Ukiwa na kilo 70, ni gramu 112. Mayai matatu asubuhi yana gramu 18, nusu lita ya maziwa kama 16, sahani ya maharage yaliyopikwa yenye gramu 250 ina zaidi ya 20, na gramu 50 za dagaa wakavu zinakaribia 30. Jumla umeshavuka 80 kabla ya ugali, wali au kipande cha nyama. Kijiko kimoja cha poda halisi kinaziba pengo hilo kwa urahisi siku ambayo hukupata muda wa kula. Siku ambayo umekula vizuri, kopo libaki kabatini. Na ikiwa tumbo linajaa gesi ukinywa, mara nyingi ni laktosi, sukari ya maziwa, iliyomo kwenye konsentreti. Jaribu aiseleti au rudi kwenye mayai.

Kwa walio chini ya miaka 18 kaunta haiuzi kitu, hata kwa pesa ya mzazi, mpaka mzazi mwenyewe aje tuzungumze. Wajawazito, wanaonyonyesha, na wanaotumia dawa za presha, sukari au moyo tunawaomba walete lebo kwa daktari au mfamasia wao kwanza.

Kuna hali ambazo si za kuuliza kaunta. Mapigo ya moyo yanayokwenda mbio na hayatulii, maumivu ya kifua, kuzimia, midomo au koo kuvimba, mkojo wenye rangi ya soda nyeusi, macho kuwa ya njano: nenda hospitali siku hiyohiyo, na uende na kopo lenyewe, si picha yake. Mwenzako yeyote ambaye amekuwa akitumia dawa za kunenepa kwa wiki kadhaa asiziache ghafla peke yake. Kuacha deksamethasoni kwa mara moja kunaweza kumwangusha kwa kushuka kwa presha na sukari. Amwone daktari apunguziwe hatua kwa hatua.

Kopo lako lilete Jumamosi asubuhi. Tutapima kijiko chake kwenye mizani ya kaunta, maana kijiko cha plastiki hakijazwi sawa na kila mkono, na tutalifanyia jaribio la maji ya moto ukiona mwenyewe. Ukiamua kumrudishia muuzaji, uende na orodha ya viungo na namba ya leusini. Anaweza kubishana na wewe, lakini hawezi kubishana na lebo aliyoiuza.